Kode Iliyofutika

Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka, Asya aliyaingiza mashuka ya mama yake kwenye mashini ya kufulia. Hakuwa ameamua kufua. Mashuka yalikuwa kwenye beseni nyuma ya mlango, na mikono yake ilikuwa imezoea. Tangu mama yake, Bibi Rasha, apooze upande mmoja, asubuhi zote za nyumba ile zilianza kwa kufua. Basi mikono ikafungua mlango, ikajaza, ikatia sabuni, ikazungusha kitufe, na Asya mwenyewe akakaa kwenye kigoda akitazama kioo kama mtu anavyotazama ukuta.

Mashini ilikuwa kwenye chumba kidogo cha uani, chenye sakafu ya saruji na karo pembeni. Ililetwa na kaka yake Hamdan, ambaye anafanya kazi Maskati na ambaye hakuweza kuwahi mazishi. Yeye Asya alikuwa na duka lake la vitambaa Bujumbura. Alilifunga, akarudi Rumonge kumuuguza mama, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza atalifungua lini.

Mashini ilifua vizuri mpaka ikafika mahali pa kumwaga maji. Hapo ikaanza kunguruma kwa chini. Ikanguruma muda mrefu, ikanyamaza, ikanguruma tena. Kisha ikalia mara kadhaa, na kwenye kidirisha chake zikawaka alama: herufi moja na tarakimu mbili. Maji yalikuwa yamesimama hadi katikati ya kioo, ya rangi ya majivu, na mashuka yameelea ndani yake. Alivuta mlango. Haukufunguka.

Asya hakukasirika. Alichukua simu, akapiga picha ya zile alama, akamtumia Ayubu, fundi wa Buyenzi huko Bujumbura, aliyekuja kuifunga mashini ilipofika. Chini ya picha akaandika: “Imesimama na maji ndani. Tazama foto.” Akarudi kukaa.

Mtandao siku ile ulikuwa dhaifu. Ujumbe wa maandishi ulipita, picha ikabaki inazunguka. Wakati huohuo simu ilikuwa inalia bila kupumzika, kwa sababu ndugu wa Uvira, wa Kigoma na wa Maskati walikuwa wanatumiana video za mazishi: jeneza likitoka, watu barabarani, mchanga, mikono ya dua. Simu ikamwandikia kwamba nafasi imejaa. Asya akaingia kwenye picha, akachagua zote za wiki ile, akafuta. Hakuangalia hata moja. Alijua kwamba mtu mwingine angesita, angalau kidogo. Yeye kidole kilibonyeza, basi.

Muda si mrefu umeme ukakatika, na kidirisha cha mashini kikazimika.

Ayubu alijibu baada ya swala ya adhuhuri.

“Assalaam alaykum dada Asya. Foto haijafika. Naona tu mahali pake, haifunguki. Tuma tena.”

Alijaribu. Simu ilimwambia kwamba picha haipo. Aliitafuta kwenye takataka ya simu akakuta nako ni kutupu, maana alikuwa amefuta moja kwa moja ili apate nafasi. Akaenda chumba cha uani amsomee zile alama kutoka kwenye mashini yenyewe, akakuta kidirisha cheusi. Akamwandikia:

“Foto nimeifuta. Umeme hakuna.”

“Sawa, si shida,” Ayubu akajibu. “Ningekuja mwenyewe, lakini essence ya kutia kwenye gari hakuna hapa Buja, gari zimepanga mustari tangu juzi. Tutaitengeneza hivi hivi kwa simu. Niandikie vitu vitatu. Kode uliyoiona. Modeli ya mashini. Na namna ilivyofanya mpaka ikasimama. Mlango usiuvunje, maji yatakujazia nyumba.”

Asya alifumba macho ili aione ile kode. Aliona herufi E. Tarakimu alikumbuka ni moja na mbili. Akaandika: “E12. Ni Zelmira, ya kilo saba. Imejaa maji.”

Aliona hayo yametosha. Kwa siku zote za msiba alikuwa amejibu watu hivyohivyo, kwa maneno machache yaliyokamilika. Umelala? Nimelala. Umekula? Nimekula. Mama alisema nini mwisho? Hakusema.

Ayubu akarudi haraka. “E12 ni maji kupita kiasi. Yaani yanaingia yasipotakiwa. Tujaribu kitu. Kwa kuwa umeme hakuna ni vizuri zaidi. Robine ya maji iache wazi. Chukua kalamu au kipande cha sabuni, chora alama kwenye kioo mahali maji yalipofika. Ngojea kidogo uangalie kama yanapanda.”

Asya akachukua kipande cha sabuni ya mawese, akachora mstari juu ya kioo. Akakaa kwenye kigoda. Nje, harufu ya ndagala, samaki wadogo waliokuwa wakianikwa upande wa ziwani iliingia uani, na mtu mmoja alipita na redio. Ndani ya kioo aliona ncha ya shuka la bluu, lile lenye tundu la moto wa pasi, na kipande cha kanga. Maji hayakupanda. Alikaa zaidi kuliko alivyoambiwa, si kwa uangalifu, ila hakuona sababu ya kuinuka.

“Hayapandi,” akaandika mwisho.

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

 Ayubu akapiga simu, lakini sauti ilikuwa inakatika, yeye anasikia nusu na Asya anasikia nusu. Akarudi kwenye kuandika.

“Dada, hii haiendi. Kama ni maji kupita kiasi, valvu ingekuwa inapitisha na maji yangepanda. Uko na hakika ni 12?”

Asya alitazama swali. “Sina,” akaandika.

“Basi niliharakisha mimi. Tusishike kode. Niandikie yote, toka ulipoiwasha. Iliingiza maji? Ilizunguka? Ilifika wapi? Ilitoa sauti gani, na wapi, juu au chini? Maji yalitoka kwenye tiyo, ule mpira wa kumwagia, ama hapana? Hata kitu unachoona si kitu, kiandike. Usifupishe.”

Asya alishika simu kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa amemwambia asifupishe. Watu waliokuja msibani walimtaka afupishe, walikuwa na haraka ya kumwambia poleni. Akaanza kuandika, akafuta, akaanza tena.

“Nimeingiza mashuka manne na kanga mbili na kitambaa cha mto. Nimetia sabuni ya unga kifuniko kimoja. Kitufe nimekiweka kwenye alama ya pamba, maji ya moto kidogo. Imeingiza maji kama kawaida. Imezunguka kulia na kushoto kama kawaida. Povu halikuwa jingi. Nilikuwa nimekaa mbele yake, sikutoka. Baadaye ikaacha kuzunguka. Ikanguruma huku chini, mkono wa kulia, kama mtu anayetaka kutoa kohozi na halitoki. Muda mrefu. Ikanyamaza, ikanguruma tena. Mwisho wa tiyo umening'inia kwenye karo, niliutazama kwa sababu uko mbele yangu. Halikutoka tone. Halafu ikalia na ile kode ikaja. Wiki iliyopita ilifua bila shida.”

Alipotuma alihisi vidole vimechoka. Alikuwa hajawahi kukumbuka kitu kwa mpangilio tangu siku ile.

Ayubu alijibu mara moja. “Murakoze, asante sana! Sasa umeniambia. Hiyo ngurumo ya chini ni pampu ya kutolea maji. Inafanya kazi lakini maji hayapati njia. Kode itakuwa E21, si E12. Umegeuza tarakimu. Hiyo ni ya maji kutotoka. Lakini kuna Zelmira za zamani ambazo 21 ni kitu kingine kabisa, ndiyo maana nataka modeli. Kuna kikaratasi kwenye ukingo, ukifungua mlango.”

“Mlango haufunguki.”

“Aa, kweli. Nisamehe. Basi kingine kiko nyuma, kwenye bati. Itabidi uivute mbele. Chomoa kwanza waya wa umeme, hata kama umeme hakuna, maana unaweza kurudi. Tafuta mutu wa kukusaidia, na maji ndani iko nzito. Na uniambie: mashini ilisogezwa siku hizi?”

“Hapana,” akaandika Asya.

Alimwita Domitille. Ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta, muuza mafuta ya mawese ya Kigwena, mwanamke mpana wa mabega ambaye katika msiba ule alichota maji na kupika bila kuambiwa. Alikuja akijifuta mikono kwenye pagne aliyojifunga kiunoni.

“Amahoro, Asya. Iko na nini?”

“Tuivute. Fundi anataka namba za nyuma.”

Asya akachomoa waya. Wakashika kila mmoja pembe yake, wakavuta. Mashini ikakwaruza saruji, maji ndani yakayumba na kugonga kioo. Ilikuwa imebanwa sana na ukuta.

“Tuliisukuma vibaya siku ile,” Domitille akasema huku anahema.

“Siku gani?”

Domitille akamtazama. “Siku ya mama. Ulisema nafasi haitoshi ya kuweka kile kitanda cha kumwoshea. Ukanishika mkono, ukasema, Domi, njoo tusukume hii. Mimi nilikuwa huku, wewe kule. Halafu mimi nikatoka, mukabaki nyie wenyewe kumwosha.”

Asya alisimama ameshika pembe ya mashini. Alijua kwamba alimwosha mama yake. Alikuwa miongoni mwa wanawake wale, alishika birika, alimimina upande wa kulia kisha wa kushoto, shangazi akimwelekeza kwa sauti ndogo. Alijua hayo kama mtu anavyojua habari aliyosimuliwa. Lakini kwamba ni humu, kwenye saruji hii aliyokuwa amekaa tangu asubuhi, na kwamba mashini ilikuwa njiani akaisukuma kwa kiuno chake mwenyewe, hilo halikuwamo kabisa kichwani mwake. Alitafuta mahali lilipopaswa kuwa, akakuta weupe.

“Sikumbuki,” akasema.

“Hata mimi ya mume wangu sikumbuki zote,” Domitille akasema. “Vuta.”

Wakavuta tena. Nyuma ya mashini palionekana bati, vumbi, na tiyo nene ya kijivu. Mahali ilipopita kati ya bati na ukuta ilikuwa imekunjika na kubanwa, bapa kama mkanda. Na juu yake, kikaratasi cheupe chenye maandishi madogo.

Asya akachutama na simu. Hakupiga picha. Mtandao ulikuwa bado unasuasua, na sasa aliona afadhali kuandika. Domitille alimulika kwa tochi yake na kumsomea herufi moja moja.

“Modeli: ZM70-1214D,” akaandika.

“Hiyo sifuri ni sifuri ama herufi O?”

“Sifuri. Imeandikwa kama tarakimu nyingine.”

“Vizuri. Kwenye hiyo modeli 21 ni ya kutoa maji, hakuna maana nyingine. Tiyo unaionaje?”

Asya alianza kuandika “imekunjika”. Kisha akasimama. Juu kwenye mazungumzo yao kulikuwa na lile “Hapana” lake, limekaa peke yake. Fundi alikuwa amemwomba asifupishe. Akaandika polepole:

“Tiyo imekunjika nyuma, imebanwa na ukuta mpaka bapa. Nilikuambia haikusogezwa. Ilisogezwa. Niliisukuma mimi na jirani ili tupate nafasi ya kumwosha mama humu ndani. Mama amefariki. Haya ni mashuka yake.”

Alama za kuonyesha kwamba Ayubu anaandika zilitokea, zikapotea, zikatokea tena. Domitille alikuwa amekaa chini juu ya saruji, miguu ameinyoosha.

“Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,” Ayubu akaandika. “Dada Asya, sikujua. Hakuna aliyeniambia. Siku nilipokuja kuifunga mama aliomba ageuzwe kitanda ili aone. Alinitania kwamba nimeleta televisheni yenye chaneli moja. Allah amrehemu.”

Asya alisoma. Alikuwa amesahau pia hilo la televisheni. Alingoja kitu kije, kifuani au kooni. Hakikuja. Akaandika: “Amina.” Kisha, kwa sababu hakujua kingine: “Sasa nifanye nini na tiyo?”

Ayubu alielewa, au pengine naye aliona hapo ndipo pepesi. “Ikunjue kwa mkono. Iminyeminye pale ilipobonyea mpaka irudi mviringo. Angalia haijapasuka. Mashini usiirudishe ukutani, acha nafasi ya kiganja kilichosimama. Umeme ukirudi, usianze kufua upya. Zungusha kitufe mpaka kwenye alama ya kutoa maji na kukamua tu. Kaa karibu. Kama maji hayatoki, zima, tutafungua filtri ya chini, lakini weka beseni na matambara kwanza.”

Asya akaiminya tiyo. Ilikuwa ngumu, na alama ya mkunjo haikutoka yote, lakini ilifunguka. Haikuwa imepasuka. Wakairudisha mashini kidogo tu, Asya akaingiza kiganja chake nyuma kupima. Domitille akasema anakwenda kuangalia chungu chake, na atarudi.

Umeme ulirudi jua likiwa limeanza kulegea. Asya alichomeka waya, akazungusha kitufe kama alivyoelekezwa, akabonyeza. Mashini ikatulia kidogo kama inayofikiri. Kisha ikanguruma kule chini, mkono wa kulia, ile ngurumo ileile, na Asya akawa tayari kunyoosha mkono aizime.

Tiyo ikatikisika kwenye karo. Ikatema hewa, ikatema maji kidogo, halafu yakaja kwa nguvu, ya majivu, yenye uvundo wa kulala. Alitazama mstari wa sabuni kwenye kioo na maji yakishuka chini yake. Mashuka yakakaa. Pipa likazunguka polepole, kisha haraka. Mwisho mashini ikalia, na baada ya kitambo kidogo mlango ukafanya “tak”.

“Maji yametoka yote,” akamwandikia Ayubu. “Mlango umefunguka.”

“Alhamdulillahi. Na kode?”

“Hakuna. Imeandika mwisho.”

“Sasa irudishe kwenye kusuuza, na nguo humo humo. Ikifika mahali pa kumwaga, angalia kama inapita. Kama tiyo inajikunja tena nitakutumia mpya na gari la samaki, essence ikipatikana.”

Kabla ya kusuuza, Asya alitoa shuka la bluu. Alifanya jambo ambalo wanawake kadhaa walimwambia litamliza: alilipeleka usoni. Lilinuka maji yaliyokaa, na chini yake sabuni. Mama hakuwamo. Alilishika hivyo kidogo, uso umelowa maji ya shuka, kisha akalirudisha, akafunga mlango, akazungusha kitufe kwenye kusuuza. Iliingiza maji. Ikazunguka. Ilipofika pale pa kumwaga alisimama, mkono kiunoni, akasikiliza pampu. Maji yakatoka bila kusitasita, safari hii meupe zaidi.

Hamdan alipiga simu kutoka Maskati wakati anaanika. Alikuwa amesikia kwa shangazi kwamba mashini imeharibika.

“Iache hiyo,” akasema. “Ninaagiza nyingine. Kwa nini hukuniambia?”

“Imepona. Ilikuwa tiyo.”

“Tiyo imefanya nini?”

Asya alikuwa na shuka begani na vibanio mdomoni. Akavitoa. Angeweza kusema “ilikunjika” na simu ingeisha. Kaka yake alikuwa upande wa pili wa bahari, hakuwa ameona chumba wala saruji, na zile video zote alizitazama kwenye simu kama mgeni.

“Niliibana mimi,” akasema. “Tulimwosha mama kwenye chumba cha uani, nafasi ikawa ndogo, nikaisukuma ukutani. Shangazi alisimama kichwani. Mimi nilikuwa na birika.”

 Hamdan akauliza, kwa sauti nyingine, “Maji yalikuwa ya vuguvugu?”

Asya alifikiri. Weupe ulikuwa bado pale, lakini pembeni mwake palikuwa na kitu: sufuria kubwa, mvuke, kiwiko chake akikichovya kujaribu.

“Ndiyo,” akasema. “Niliyajaribu mimi. Yalikuwa ya vuguvugu.”

Alimsikia kaka yake akilia, kwa kujizuia, kama mtu aliye kazini kati ya watu. Asya hakulia. Aliendelea kushika simu sikioni kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akanyoosha ncha ya shuka kwenye kamba, mpaka Hamdan alipopenga kamasi na kusema atapiga tena usiku.

Domitille alirudi na sahani ya ubwari, ugali wa muhogo, na ndagala wa kukaanga kwa mawese, amefunika kwa sahani nyingine. Aliiweka juu ya mashini, ambayo ilikuwa bado na joto.

“Umekula leo?”

“Nimekula,” Asya akasema. Kisha akatikisa kichwa. “Hapana. Sijala tangu jana mchana. Nilikunywa chai tu, nusu kikombe, nikaiacha.”

“Basi kaa.”

Akakaa kwenye kigoda. Alimega ubwari, akachovya. Ladha aliisikia kwa mbali. Alikula robo ya sahani, na Domitille hakumwambia aongeze, akachukua kilichobaki na kukila mwenyewe huku anatazama mashuka uani. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuyapiga. Mwili wa Asya ulikuwa mzito, kuanzia mabegani hadi vidoleni, na alisema kwamba anadhani sasa angeweza kulala.

“Nenda kalale,” Domitille akasema. “Yakikauka nitayaanua mimi.”